Mashine moja ya kukereza, mafundi sita: tupangeje nafasi zisigongane?

NutiNaBoliti

Wakuu, habari za kazi. Karakana yetu iko Mwanza, tuko mafundi sita na mashine moja ya kukereza vyuma. Zamani nafasi tulikuwa tunaandikishana kwenye kundi la WhatsApp, mtu anatuma "kesho saa 4 hadi saa 6 naichukua", basi. Ilikuwa vurugu, tukahamia kwenye jedwali la Google Sheets ambalo kila fundi anajaza mwenyewe. Safu ziko hivi: A mashine, B kuanza, C kumaliza, D fundi, E kazi.

Niliweka sharti kwamba muda wa kuanza usiangukie ndani ya nafasi ya mtu mwingine. Bado watu wawili wanakutana mashineni, kila mmoja na chuma chake mkononi, na wote wameandikwa. Nataka njia inayokataa mgongano pale mtu anapoandika. Kuja kugundua asubuhi ya kazi hakunisaidii.

PwaniKompresa

Sisi huku Mombasa tuna kompresa ya lita 200, watu watatu wanaitumia kwa pamoja, mmoja anapuliza rangi, mwingine anafungua nati, na hatujawahi kugombana. Gawaneni muda tu, kila mtu saa mbili, yaishe.

SafuNaMistari

@PwaniKompresa, kaka, kompresa ni jambo jingine. Hewa inagawanyika. Pale swali ni wangapi wanaunganisha kwa wakati mmoja na kama tangi linawatosha. Mashine ya kukereza hushika chuma kimoja tu, kwa hiyo wa pili hana nafasi hata kidogo. Hesabu zake ni tofauti.

Na hiyo "saa mbili" yako ishike, nitairudia.

Beringi6205

Nuti, kosa lako liko wazi. Unakagua kuanza peke yake. Kagua na kumaliza pia: kuanza kusiwe ndani ya nafasi ya mwingine, na kumaliza kusiwe ndani ya nafasi ya mwingine. Ukiweka yote mawili hakuna kitakachopenya.

SafuNaMistari

Beringi, hapo umefika nusu ya njia. Chukua mfano huu. Kuna fundi ameandika 10:00 hadi 11:00. Anakuja mwingine anaandika 09:00 hadi 13:00. Kuanza kwake ni 09:00, hakumo ndani ya nafasi ya yule wa kwanza. Kumaliza kwake ni 13:00, nako hakumo. Sharti lako linampitisha, na kumbe ameifunika nafasi ya mwenzake yote, mwanzo hadi mwisho. Kazi ndefu ndizo zinazopenya namna hii, na ndizo zinazouma zaidi.

Sharti lililo sahihi ni fupi kuliko hilo. Nafasi mbili zinagongana pale kila moja inapoanza kabla nyingine haijaisha. Yaani kuanza kwa ya kwanza ni kabla ya kumaliza kwa ya pili, na kuanza kwa ya pili ni kabla ya kumaliza kwa ya kwanza. Yote mawili kwa pamoja. Likikosekana moja tu, hakuna mgongano. Jaribu na mfano wa juu: 09:00 ni kabla ya 11:00, na 10:00 ni kabla ya 13:00. Zimegongana.

Tumia "kabla" kamili, usiweke "kabla au sawa". Anayemaliza 10:30 na anayeanza 10:30 hawajagongana, wanapokezana tu. Ukiweka alama ya `<=` jedwali litawakatalia watu wanaofuatana vizuri kabisa, nao wataanza kuandika 10:31, halafu kila kitu kinakuwa uchafu.

Kwa safu zako, chagua C2:C200, nenda Data validation, chagua Custom formula is, weka hii, kisha chagua Reject input:

```
=AND(ISNUMBER($B2),ISNUMBER($C2),$C2>$B2,
 SUMPRODUCT(($A$2:$A$200=$A2)*($B$2:$B$200<$C2)*($C$2:$C$200>$B2))<=1)
```

Hiyo 1 mwishoni ni mstari wenyewe, kwa sababu kila nafasi inagongana na nafsi yake. Zikifika 2 kuna mtu mwingine humo. Nimeweka sharti kwenye C kwa makusudi: mtu anajaza A na B kwanza, na ukaguzi unafanyika akimaliza C, pale ambapo taarifa zimetimia.

Mtu akirudi baadaye kubadilisha B, sharti la C halimzuii. Kwa hiyo weka pia conditional formatting kwenye A2:E200, mstari uwe mwekundu:

```
=SUMPRODUCT(($A$2:$A$200=$A2)*($B$2:$B$200<$C2)*($C$2:$C$200>$B2))>1
```

NutiNaBoliti

Ahsante sana mkuu. Nimeweka zote mbili. Mistari minne ya wiki hii imekuwa myekundu papo hapo, na miwili kati yake kweli ni ile ya kazi ndefu.

Ila kuna jambo silielewi. Alhamisi kuna watu wawili mchana, mmoja ameandika 14:00, mwingine ameandika saa 8 mchana. Ni wakati uleule lakini mistari yao ni myeupe. Waliandika kabla sijaweka sharti.

SafuNaMistari

Hilo ndilo nililokuwa nalingoja. Angalia ile seli yenye "saa 8 mchana" bila kuigusa. Maneno yake yameegemea kushoto, sivyo? Na ile ya 14:00 imeegemea kulia. Iliyoegemea kushoto jedwali limeichukua kama maandishi, haliioni kuwa ni muda. Isipokuwa kama kuna mtu alibadilisha mpangilio kwa mkono, huko kuegemea ndiko kunakokuonyesha haraka.

Google Sheets ikilinganisha maandishi na namba, maandishi huhesabiwa makubwa kuliko namba yoyote. Kwa hiyo "saa 8 mchana" haiwezi kuwa kabla ya kumaliza kwa mtu yeyote, na mstari huo hautagongana na mtu milele. Upo, unaonekana, lakini kwa hesabu ni kama haupo. Kinyume chake, kuanza kukiwa namba na kumaliza kukiwa maandishi, mstari huo utagongana na kila anayekuja baada yake, utaona wekundu mtupu. Ndiyo maana nikaweka `ISNUMBER` mara mbili.

Sasa ile "saa mbili". PwaniKompresa alimaanisha urefu wa muda. Fundi wenu akiandika "saa 2" anamaanisha asubuhi kukishapambazuka. Simu yake inaandika 08:00. Na kuna kijana atakayeandika 2:00 akiwa na maana hiyohiyo ya asubuhi, jedwali litaipokea bila kulalamika kama saa nane ya usiku, namba halali kabisa, na hakuna fomula itakayoigundua. Kwa mdomo endeleeni na saa yetu, ila ndani ya jedwali iwe ile ya simu, tarakimu nne. Mchana ni kuongeza sita: saa 2 asubuhi ni 08:00, saa 8 mchana ni 14:00. Ongeza kwenye lile sharti la C kwamba saa ya kuanza isiwe kabla ya kufungua karakana, kwa mfano `HOUR($B2)>=7`. Yule wa 2:00 atakataliwa hapo.

Tarehe nayo iandikwe mwaka kwanza: `2025-03-04 14:00`. Ukiandika 4/3/2025 na faili limewekwa mpangilio wa Marekani, hiyo inasomwa tarehe 3 Aprili. Na 13/3/2025 haisomeki kabisa, inageuka maandishi. Kwa hiyo siku kumi na mbili za mwanzo wa mwezi unapata tarehe zilizopinduka, na baada ya hapo maandishi. Ingia File, Settings, uhakikishe Locale na Time zone ni vya nchi yako.

ShaftiNyoofu

Fomula ni nzuri, lakini niwaambie kitu ambacho fomula haikioni. Kwenye karakana nyingi jedwali likiwa safi kabisa bado watu wanagongana, kwa sababu kazi ya wa kwanza haijaisha. Na kwenye mashine ya kukereza huwezi tu kumwambia "muda wako umekwisha, toa chuma chako".

Chuma kikishafungwa kwenye kishikio cha taya tatu na kuanza kukerezwa, ukikitoa na kukirudisha hakikai tena palepale. Kishikio kilichochakaa kinaweza kukuacha na mtikisiko wa milimita 0.05 hadi 0.1. Tuseme unakereza sehemu ya kukalia beringi ya 6205, ambayo tundu lake ni milimita 25. Shafti kwa kawaida inatakiwa izidi 25 kwa kati ya milimita 0.002 na 0.015. Ukirudisha kazi ikiwa imehama 0.05, upande mmoja wa shafti hauko tena kwenye mhimili mmoja na mwingine. Beringi itaingia, lakini pampu itapiga kelele na haitadumu. Kwa hiyo fundi anayekataa kutoa kazi yake ana haki, na fundi anayesubiri naye ana haki. Mmeandikiana ugomvi kwenye jedwali.

Dawa ni safu moja zaidi. Kila anayeandika aseme kazi yake "inatoka" au "haitoki". Bushi ya kawaida ambayo utaitoboa na kuikata kwa mfungo mmoja inachukua muda mfupi, hata ikipitiliza ni dakika chache. Shafti yenye sehemu mbili za beringi kwenye taya tatu haitoki. Kazi zisizotoka zipangwe mwisho wa siku, ili zikipitiliza zile jioni ya mwenyewe na siyo nafasi ya mtu mwingine.

Beringi6205

Kwa heshima, mzee, huo ni mzunguko mrefu. Ongeza nusu saa mwisho wa kila nafasi, umemaliza. Na hiyo shafti ya jina langu niachie mwenyewe.

ShaftiNyoofu

Nusu saa kwa kila mtu inakula siku. Mkiwa na nafasi tano, saa mbili na nusu mashine imesimama, na bado shafti iliyoharibika ikihitaji saa nzima haitoshi. Unawakata wote kwa ajili ya mmoja.

Niweke siku moja kamili. Kazi ni tatu. Ya kwanza ni bushi mbili za shaba, dakika 75. Ya pili ni shafti ya pampu yenye sehemu za beringi, fundi anasema saa mbili na nusu, haitoki. Ya tatu ni kukata nyuzi kwenye boliti nene nne, saa moja na nusu. Walivyoandika wenyewe, shafti ilikuwa 08:00 hadi 10:30, kwa sababu mwenye shafti ndiye aliyewahi kuandika. Ikipitiliza dakika 50, boliti zinasogea, bushi zinasogea, na mteja wa bushi yuko nje anasubiri.

Geuza. Bushi 08:00 hadi 09:15. Boliti 09:15 hadi 11:00, robo saa ya mwisho ni ya kufagia vyuma, na hazihitaji kubadili kishikio, zote mbili ni taya tatu. Shafti 11:00 hadi 16:00, na muda wa kubadili mfungo umo humo. Amepewa saa tano kwa kazi ya saa mbili na nusu, lakini hakuna mtu nyuma yake, kwa hiyo hamjapoteza chochote. Akimaliza 14:00 anatangaza kwenye kundi na mwenye kazi fupi anaingia.

Unaona pia kwamba kubadili kishikio kumetokea mara moja tu. Kutoa taya tatu, kuweka taya nne, kisha kusawazisha chuma kwa geji ya mshale mpaka mshale utulie, ni dakika 20 hadi 40 kwa mkono uliozoea. Huo muda ni wa nani? Kama jedwali halisemi, kila mmoja atadhani ni wa mwenzake, na hapo ndipo nafasi zinazofuatana vizuri kwenye karatasi zinapogongana mashineni. Kanuni yangu ni kwamba anayeingia ndiye anayebeba muda wa kufunga, anayetoka anabeba muda wa kufagia, na vyote vimo ndani ya saa alizoandika.

Na @Beringi6205, kama unataka shafti yako itoke, ikereze kati ya senta mbili. Toboa vitundu vya senta ncha zote, uishike kwa senta na kishika shafti. Hapo unaweza kuitoa hata mara tatu, ikirudi inakaa kwenye mhimili uleule mradi vitundu ni safi na senta hazijaguswa. Inageuka "inatoka", na unaweza kuipanga asubuhi.

Beringi6205

Hiyo ya senta nimeikubali. Kuhusu nusu saa bado naona karakana yenye vijana wanaojifunza inaihitaji, maana wao makadirio yao hayashikiki.

MamaKarakana

Mimi naomba niwatetee watu wa karatasi. Kinachogonganisha nafasi ni kalamu nyingi. Akiwa mwandishi mmoja tu, anayeona ubao mzima kabla hajaandika, migongano haitokei, iwe ubao wa chokaa au kompyuta. Ubao wetu una misumari: siku sita kwenda kulia, vipande vinne vya siku kwenda chini. Kila fundi ana kibao chenye jina lake. Msumari mmoja unabeba kibao kimoja, tumetumia misumari mifupi ili cha pili kisikae. Kazi ndefu inachukua misumari miwili inayofuatana.

Ufunguo wa kishikio unakaa kwangu. Nampa mwenye kibao cha muda huo, anaurudisha akimaliza. Asiye na zamu hawezi kufunga chuma hata akifika kwanza. Ina faida nyingine ya usalama, kwamba ufunguo hausahauliki kwenye kishikio mashine ikawashwa ukaruka.

NutiNaBoliti

Dada, hiyo ya ufunguo naichukua leo hii. Ila sisi hatuna mtu wa kukaa mezani siku nzima, na mafundi wawili wanaandika nafasi wakiwa kwa wateja.

KituoData

Nimesoma uzi wote. Fomula ya Safu ni sahihi, lakini ina mipaka miwili ambayo Nuti lazima aijue kwa kuwa watu wake wanaandika kwa simu. Mtu akinakili seli za mahali pengine na kuzibandika, anaweza kulipita au kulifuta kabisa sharti la seli hizo. Pia wawili wakiandika karibu kwa sekunde ileile, kila mmoja anakagua jedwali ambalo bado halina mstari wa mwenzake. Wote wanaona nafasi iko wazi, wote wanaandika. Kukagua kisha kuandika ni hatua mbili, na mwenzako anaingia katikati. Fomu ya mtandaoni nayo ina kasoro hiyohiyo, na kalenda ya kawaida ya Google iliyoshirikishwa haikatai kabisa, inakubali matukio mawili, moja juu ya jingine.

Kama kuna kijana anayeweza kuwatengenezea ukurasa mdogo, ukaguzi uachiwe hifadhidata yenyewe. PostgreSQL inafanya hivi:

```sql
CREATE EXTENSION IF NOT EXISTS btree_gist;

CREATE TABLE nafasi (
  id      bigserial PRIMARY KEY,
  mashine int NOT NULL,
  fundi   text NOT NULL,
  hali    text NOT NULL DEFAULT 'hai',
  muda    tstzrange NOT NULL CHECK (NOT isempty(muda)),
  EXCLUDE USING gist (mashine WITH =, muda WITH &&)
    WHERE (hali = 'hai')
);
```

Mstari wa `EXCLUDE` unasema: kwa mashine ileile, pasiwepo mistari miwili iliyo hai ambayo muda wake unagongana. Wawili wakituma kwa pamoja, mmoja anapita na mwingine anarudishiwa kosa namba `23P01`, na ukurasa unamwambia achague muda mwingine. Hakuna upenyo katikati. Muda uandikwe `tstzrange('2025-03-04 14:00+03','2025-03-04 16:00+03')`. Kwa kawaida mwanzo unahesabiwa ndani na mwisho unahesabiwa nje, kwa hiyo wanaopokezana 16:00 hawagongani, kama alivyoeleza Safu.

Anayeghairi, usimfute. Badilisha `hali` iwe 'imeghairiwa', nafasi inafunguka na kumbukumbu inabaki. Hiyo `isempty` inazuia anayeandika kuanza na kumaliza sawasawa, kwa sababu muda mtupu haugongani na chochote na ungepita kimyakimya.

SafuNaMistari

Mkuu, karakana nyingi zinakodi nafasi ya mtandao yenye MySQL tu. Hiyo `EXCLUDE` huko haipo.

KituoData

Ni kweli, haipo. Huko inabidi upange foleni mwenyewe: kuwe na jedwali la mashine, na kila anayetaka nafasi aushike kwanza mstari wa mashine hiyo.

```sql
START TRANSACTION;
SELECT id FROM mashine WHERE id = 1 FOR UPDATE;
-- kagua kama kuna inayogongana; kama hakuna, INSERT
COMMIT;
```

Wa pili anasubiri kwenye `FOR UPDATE` mpaka wa kwanza amalize, ndipo anakagua na kuiona nafasi iliyokwisha kuandikwa. Kosa la kawaida ni kukagua kwanza halafu ndiyo kushika mstari. Uushike kwanza, kabla ya kusoma chochote, la sivyo unaweza kusoma picha ya zamani. Na njia hii inalinda tu wale wanaopita kwenye ukurasa wako. Mtu akiingiza mstari moja kwa moja kwa mkono, hakuna wa kumzuia, wakati ile ya PostgreSQL inamkataa hata yeye.

NutiNaBoliti

Nimeelewa. Tutaanza na jedwali la Safu, safu ya "inatoka / haitoki" na ufunguo wa MamaKarakana, halafu nitamtafuta kijana wa PostgreSQL. Jedwali nimelifunga, mafundi wanaweza kuhariri A hadi F tu.

Swali la mwisho. Umeme ukikatika saa mbili nzima katikati ya siku, nafasi zinasogea au zinabaki?

ShaftiNyoofu

Zinabaki. Ukisogeza moja umesogeza zote mpaka Jumamosi, na wateja walishaambiwa saa zao. Aliyekatikiwa anapewa nafasi ya kwanza iliyo wazi. Jumamosi mchana iachwe tupu kwa ajili hiyo.

MamaKarakana

Na kama aliyekatikiwa ana kazi isiyotoka, iko kwenye kishikio nusu imekerezwa? Huwezi kumwambia asubiri Jumamosi, na huwezi kumwingiza mwingine bila kumtolea kazi. Sisi tunasogeza siku hiyo moja tu, wa mwisho wa siku ndiye anayehamishiwa Jumamosi. Wa mwisho analalamika kila mara.

Beringi6205

Na kwa mpango wa mzee hapo juu, wa mwisho wa siku ndiye huyohuyo mwenye kazi isiyotoka.

ShaftiNyoofu

Kweli, hapo umenishika. Umeme ukikatika asubuhi, wa mwisho bado hajafunga kitu, kwa hiyo kumhamisha hakuharibu chuma ila kunamwumiza mteja wake. Ukikatika akiwa mashineni, anabaki na kazi yake na kesho anamalizia kwanza, wa kesho 08:00 anasogea. Sina njia ambayo haimwumizi mtu.